Shavu la Dirishani na Shavu la Balbu

Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hulala juu ya Meru na Embu, na nyumba nyingi huwasha taa mchana. Hapo ndipo picha za sebuleni huharibika. Chukua picha moja ya nyanya aliyeketi karibu na dirisha, katika nyumba iliyo upande wa Manyatta. Shavu la kushoto linapata mwanga wa mawingu, ambao una ubuluu na umepita kwanza kwenye majani ya migomba iliyo nje ya dirisha. Shavu la kulia linapata balbu ya manjano ya Kelvini 2,700 hivi. Kamera iliyoachwa ijiamulie rangi ilikata shauri katikati, na matokeo yake hayakuwa sahihi upande wowote: kushoto ngozi imepauka na kuwa kama majivu, kulia imekuwa ya chungwa.

Ngozi nyeusi huonyesha mgongano huu zaidi, na sababu yake ni ya kifizikia. Takriban asilimia 4 ya mwanga unaogonga ngozi yoyote hurudi kutoka juu kabisa bila kuingia ndani, ukiwa na rangi ya taa yenyewe. Unaobaki huingia, na kwenye ngozi nyeusi melanini hufyonza sehemu yake kubwa. Kwa hiyo ule mng'ao wa juu huchukua nafasi kubwa katika kile kamera inachokiona, na kila taa huacha doa lake kwenye paji la uso, pua na mashavu.

Kabla ya kugusa kompyuta, mpiga picha alifanya jambo ambalo nalihesabu kuwa nusu ya kazi nzima. Alimtoa nyanya hadi barazani, kwenye kivuli, akampiga picha moja akiwa ameshika kadi ya kijivu. Kadi iliposahihishwa kwenye Lightroom, shavu lilisoma nyekundu asilimia 38, kijani 27, buluu 21. Hiyo ndiyo ngozi yake, wala si ya mtu mwingine. Kadi za rangi zinazouzwa zina kisanduku cha ngozi nyeusi chenye 115, 82, 68 kwenye kipimo cha 255, na mpangilio wake ni uleule: nyekundu juu, kijani katikati, buluu chini. Lakini kisanduku kimoja hakiwezi kuwasemea watu wote wa Meru na Embu.

Sebuleni, shavu la dirishani lilisoma 26, 27, 26. Nambari tatu zikikaribiana hivyo, ngozi inaonekana ya kijivu hata jicho likishaizoea. Faili ilikuwa RAW, basi alisahihisha picha yote kwa kufuata upande huu, kwa sababu ndio uliochukua sehemu kubwa ya uso. Alipandisha Temp kuondoa ubuluu, kisha Tint kuelekea zambarau kuondoa kijani cha migomba. Shavu likafika 33, 24, 19. Limebaki na giza kuliko barazani, lakini uwiano wa rangi ni karibu uleule.

Upande wa balbu, kama ilivyotarajiwa, ulizidi kuharibika: 52, 26, 9. Hapo alichora barakoa kwa brashi laini juu ya nusu hiyo ya uso na shingo, akashusha Temp ndani yake hadi 41, 29, 20. Angeweza kuendelea, lakini alisimama hapo, na naona alifanya vyema. Chumba kilikuwa na balbu, na joto kidogo upande mmoja halimdanganyi mtazamaji.

Kosa la kawaida hutokea kwenye mng'ao. Mtu huona doa la chungwa kwenye paji la uso, akashusha Temp mpaka doa liwe jeupe, na ngozi yote inayolizunguka ikapauka. Mng'ao unapaswa kushughulikiwa peke yake: barakoa ya pili yenye Luminance Range, ishike sehemu angavu tu, kisha Saturation ishushwe kidogo. Mstari wa pua, ambapo taa mbili hukutana, nao uchunguzwe picha ikiwa imekuzwa. Ukiona utepe wa kijivu ukishuka hapo, ukingo wa barakoa ni mkali mno.

Yote haya yaliwezekana kwa kuwa balbu ile ilitoa wekundu wa kutosha. Balbu nyingi za bei ya chini za LED hutoa wekundu mzito kidogo sana, na hudhurungi ya ngozi nyeusi hutegemea huo wekundu. Ukipandisha Temp na Tint, macho na meno hugeuka waridi kabla shavu halijapata uhai, kwa sababu wekundu unaoutafuta haukuwahi kufika kwenye kamera. Kwa taa kama hiyo, zima, msogeze nyanya karibu na dirisha, na uweke shuka jeupe upande wa kivuli.