Ufa wa Picha ya Tatu Haukuwa wa Lipu

Zile picha sita za nyumba ya Kibaha mliziona toleo lililopita, kwa hiyo sitazirudia zote. Nakwenda kwenye picha ya tatu, maana hapo ndipo kazi ilipoharibika. Mkaguzi aliweka rula katikati ya ufa, akasoma milimita 1, akaandika: "Ufa wa lipu, uzibwe na kupakwa rangi." Fundi akatekeleza. Uamuzi ule ulikuwa makosa, na ushahidi wote alikuwa nao mkononi.

Picha ya kwanza na ya pili alizisoma sawasawa. Nyufa zilizotapakaa kama utando wa buibui ni za lipu iliyokaushwa haraka na jua, na ule mstari wa wima uliofuata ukingo wa nguzo ni zege na tofali kuachana. Hapo sina ugomvi naye.

Sasa turudi ya tatu. Ufa unaanzia pale lenta ya dirisha inapoishia, upande wa kulia, kisha unapanda kuelekea kona ya nyumba hadi chini ya paa. Unapanda kwa ngazi: kipande cha mlalo, kipande cha wima, tena mlalo, tena wima. Hizo ngazi ni viungo vya saruji kati ya tofali na tofali, zinajichora juu ya lipu. Ufa wa lipu haujui tofali zimepangwaje huko ndani. Ukiona ngazi, ukuta wenyewe umeachana na lipu imefuata tu. Na msidanganyike pale zinapokosekana, kwa sababu tofali zetu nyingi ni dhaifu kuliko viungo vyake, na ufa wa namna hiyohiyo hukata tofali katikati ukatoka umenyooka. Ulalo wake ndio wa kuutazama.

Ulalo unasema jambo moja zaidi. Chukua kalamu, uiweke juu ya picha ikikatiza ufa kama msalaba, kisha uielekeze ncha chini. Ncha itaonyesha upande ulioshuka. Kwenye picha ya tatu inaonyesha kona ya kulia, chini, kwenye msingi. Tazameni na picha ya tano: chini ya dirisha lilelile, kwenye kona ya kushoto, kuna ufa mwembamba unaoshuka kwenda kushoto. Unganisheni nyufa hizo mbili kupitia dirisha mpate mstari mmoja wa mshazari. Mkaguzi aliziandika kama nyufa mbili ndogo. Ni ufa mmoja, na dirisha limekaa katikati yake.

Kisha kuna upana. Rula ilikaa katikati, na katikati ni milimita 1 kweli. Lakini chini ya paa, sehemu ambayo haikupimwa, ufa ni milimita 4, na kule chini kwenye msingi umekuwa mwembamba kama unywele. Ufa wa lipu kusinyaa huwa na upana unaokaribiana mwanzo hadi mwisho. Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini ni wa ukuta uliozunguka: kona imeshuka na juu pakafunguka. Ungekuwa mpana chini na mwembamba juu, tungesema katikati ya ukuta ndiko kulikozama. Ndiyo maana ufa hupimwa mahali patatu, na mwenye kupima mahali pamoja hajapima kitu.

Najua atakayejitetea kwa jedwali. Jedwali hilo nalijua, ni la mwaka 1977, kazi ya Burland, Broms na de Mello. Chini ya milimita 0.1 ni unywele, hadi milimita 1 ni ufa mwembamba, hadi milimita 5 bado ni uharibifu mdogo. Kwa hesabu hiyo hata milimita 4 si hatari, na mimi sisemi nyumba ile itaanguka. Ila waliolitunga jedwali walionya kwamba upana peke yake hautoshi. Madaraja yao yanaeleza ugumu wa kurekebisha kinachoonekana, na chanzo cha ufa hutafutwa kivyake. John Burland huyo ndiye baadaye aliyekuwa kwenye kamati iliyouokoa mnara wa Pisa, na kule walifuatilia mwendo wa mnara muda mrefu. Watu wa aina hiyo walitaka kujua kitu kinasogea wapi na kwa kasi gani. Sisi tumechukua namba zao tukaacha onyo lao.

Na Kibaha si mahali pa kubahatisha. Charles Lucian aliandika tasnifu nzima juu ya nyumba za Kibaha na udongo wake unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Picha ya nne inaonyesha mwarobaini umesimama kama mita 3 kutoka kona ileile. Kiangazi mizizi hunyonya maji, udongo husinyaa, kona hushuka. Mvua ikija, udongo huvimba na kona huinuka. Ufa ulizibwa mwezi wa tisa, ukiwa umefunguka sana, kwa saruji nyeupe ambayo haina unyumbufu hata kidogo. Mvua za vuli zilipokuja ukuta ulitaka kujifunga ukakuta kigingi njiani. Matokeo yako kwenye picha ya sita: ufa mpya, sambamba na mstari wa saruji nyeupe, kama upana wa kidole pembeni.

Na hapa narudia wimbo wangu mliouzoea: lenta ikatishwe na nani, na kwa nini? Ingezunguka nyumba yote ingezifunga kuta pamoja, na nguvu isingepata mwanya pale inapoishia. Mwenye nyumba aliokoa nondo chache na zege kidogo.

Mafundi wa zamani walifanya nini? Walibandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa lipu, wakachora tarehe, wakaondoka. Kioo kikipasuka, ukuta unatembea. Leo tuna simu zenye kamera nzuri na tumekuwa wavivu kuliko wao. Picha ya ufa ipigwe uso kwa uso na ukuta, si kwa pembeni, na tochi isimulike kutoka ubavuni, kwa sababu kivuli huongeza upana. Rula ikikosekana, kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76: ikiingia, huo si unywele tena. Pima nafasi ya ndani, usipime kingo za lipu zilizobanduka. Piga na upande wa pili wa ukuta, maana ufa unaotokea pande zote mbili si wa lipu. Na picha moja haiwezi kukuambia kama ufa unatembea. Zinahitajika mbili, zenye tarehe, mahali palepale.

Mama mwenye nyumba sasa ameweka alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa ule mpya, zikiwa zimeachana milimita 50, na anazipima kila mwisho wa mwezi. Zikikaribiana masika na kuachana kiangazi, tatizo ni maji na mti, na hapo tutazungumza kuhusu mwarobaini na mifereji ya paa. Zikiendelea kuachana hata mvua ikinyesha, kona inashuka bila kurudi, na anayehitajika ni mhandisi wa kufukua msingi. Hadi hapo, ndoo ya rangi ikae stoo.