Karatasi ya Makabidhiano

Mwalimu wa Darasa la Pili anayekwenda likizo ya uzazi katikati ya muhula hukaa nje ya shule siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Ndivyo sheria ya kazi ya Tanzania inavyompa. Mwenzake anayemshikia darasa anakuta kabatini azimio la kazi, shajara za masomo, daftari la mahudhurio na orodha ya alama. Vyote vimejazwa, na bado Jumatatu asubuhi hajui aanzie wapi.

Azimio linasema kilichopangwa kufundishwa. Shajara inasema kilichofundishwa, na lini. Kilichobaki vichwani mwa watoto hakiandikwi popote, isipokuwa mwalimu anayeondoka akikiandika katika taarifa ya makabidhiano. Hakuna anayempa alama kwa kazi hiyo, na labda ndiyo maana wengi huimaliza kwa mistari mitatu wakiwa wamesimama.

Tuseme shajara inaonyesha kuwa mada ya kutoa kwa kuchukua imekamilika, na kwenye orodha ya alama kuna mtoto aliyepata 4 kati ya 10. Kalamu yenye haraka itaandika "dhaifu katika Hisabati" na kuhamia jina linalofuata. Fundi wa kazi hii hufungua daftari la mtoto. Anakuta 42 − 17 = 35, chini yake 63 − 28 = 45, kisha 50 − 26 = 36. Makosa ya uzembe hutawanyika ovyo, lakini haya yanafuata njia moja: kila safu, mtoto anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini. Kumbe yale manne aliyopata ni yale yasiyohitaji kuchukua. Mtoto huyu ana kanuni, tena anaishika kwa uaminifu, ila ni kanuni potofu. Kumrudisha kwenye kutoa tangu mwanzo kutampotezea wiki nzima.

Basi taarifa inaandikwa hivi: "Anatoa vizuri pasipo kuchukua. Penye kuchukua anageuza. Kwenye 42 − 17 anatoa 2 kwenye 7. Mpe vifungu vinne vya njiti kumi kumi na njiti mbili, afungue kifungu kimoja mwenyewe kabla ya kushika kalamu. Ukitaka kujua kama ameelewa, mpe 40 − 17. Akileta 37, bado." Ni mistari michache tu, lakini anayepokea ameambiwa kosa lilipo, la kufanya, na dalili ya kuangalia. Mimi hupenda zaidi ile dalili, kwa sababu inamwachia mpokeaji nafasi ya kugundua kuwa mwandishi alikosea.

Kusoma kunadanganya zaidi ya hesabu. Yupo mtoto anayetiririsha ukurasa mzima wa kitabu kwa kuwa ameukariri, picha ikimkumbusha sentensi. Mwalimu anayemjua huandika kwamba picha ifunikwe na asome kuanzia neno la mwisho kurudi nyuma. Hapo ndipo inapoonekana kuwa "kalamu" anaiweza, ila "mbwa" na "ng'ombe" hazitoki.

Daftari la mahudhurio nalo linahitaji maelezo. Jumla ya mwezi husomwa kwa mlalo, na kwa mlalo mtoto aliyekosa siku nne anafanana na mwingine yeyote aliyekosa nne. Ukizitazama tarehe zenyewe, huyu amekosa kila Alhamisi, siku ya mnada. Dada yake hupelekwa kuuza mboga na yeye hubaki na mdogo wao. Mpokeaji akilijua hilo hataanza mada mpya siku ya Alhamisi, au akianza, Ijumaa atamvuta kando mtoto huyo kwa dakika kumi.

Hapa pana mpaka. Taarifa huzagaa juu ya meza ya ofisi ya walimu, na siku moja mzazi anaweza kuisoma. Kwa hiyo huandikwa "barua zipelekwe kwa bibi, ndiye anayemlea", bila kisa cha ndoa kilichomfikisha kwa bibi. Kinachohitaji kusemwa zaidi ya hapo husemwa kwa mdomo, mlango ukiwa umefungwa.

Si lazima watoto wote sabini waandikwe hivi. Wengi wanatoshwa na kundi: hawa wanasoma aya na kujibu maswali, hawa wako kwenye sentensi fupi, hawa bado wanaunganisha silabi. Majina kumi, kumi na tano hivi, ndiyo hupewa mistari yao, kila mmoja na tarehe, maana mtoto wa umri huo hubadilika ndani ya wiki mbili na maelezo ya Machi yanaweza kuwa uongo mwezi Aprili. Kwa sababu hiyo mwandishi mzuri hupiga mstari wima na kuacha nusu ya kulia ya karatasi wazi. Upande huo anaujaza mpokeaji: lini yule wa 40 − 17 alileta 23, kwa njiti au bila njiti, na nani amehama kundi.