Sherehe ya Istilahi na Kisa cha Neno Iringa

Wahariri wa tenzi walikuwa na desturi ya kuweka mwishoni mwa kitabu sehemu iitwayo sherehe, yaani maelezo ya maneno yatakayomtatiza msomaji. Tasnifu za vyuo vikuu zimeirithi desturi hiyo, ila kazi imepungua uzito. Mhariri wa utenzi alijua kwamba atahukumiwa kwa sherehe yake. Mwanafunzi, aghalabu, huitunga sherehe katika juma la mwisho, kwa kunakili maana kutoka kamusini. Matokeo yake ni kwamba tasnifu hutumia neno kwa maana moja, na sherehe hulieleza kwa nyingine.

Ubaya wa jambo hili huonekana wazi kwa mtu atakayeandika juu ya Iringa na Mbeya. Katika muda wa miaka isiyozidi mia, nchi hiyo iliandikwa na wasafiri wa Kiingereza, maofisa wa Kijerumani, wamisionari na makarani wa Kiswahili, na kila mmoja aliandika alivyosikia. Kwa hiyo jina moja lina sura nyingi, na, lililo baya zaidi, sura moja yaweza kuwa na maana mbili.

Lichukuliwe neno Iringa lenyewe. Asili yake ni neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Ngome iliyokuwa mashuhuri ni ile ya Mtwa Mkwawa huko Kalenga, iliyotekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba, 1894. Katika maandishi ya Kijerumani mahali hapo huitwa Kuirenga, na pia huitwa Iringa. Mwaka 1896 ofisa Tom von Prince alianzisha kituo kipya juu ya kilima, kiasi cha kilomita 15 kutoka Kalenga, nacho kikaitwa Neu-Iringa, yaani Iringa Mpya. Baadaye neno "mpya" likaanguka, mji ukabaki Iringa, na mwishowe mkoa mzima ukachukua jina hilo.

Sasa na afikiriwe mwanafunzi aliyeandika katika sherehe yake: "Iringa: mji makao makuu ya Mkoa wa Iringa." Maana hii ni sahihi, na kamusi haiwezi kumlaumu. Lakini katika sura yake ya pili amesema kwamba Iringa ilikuwa na ukuta wa mawe, na katika sura ya tatu amesema kwamba Iringa ilijengwa na Wajerumani. Msomaji mgeni atadhani kwamba Wajerumani waliujenga mji wao ndani ya ukuta wa Mkwawa. Hakuna sentensi hata moja iliyo ya uongo. Uongo umezaliwa na sherehe.

Dawa yake si kuongeza maneno katika maana, bali kugeuza mpangilio wa kazi. Maana huandikwa mwisho. Ushahidi hukusanywa kwanza. Kila mahali neno linapoonekana katika nyaraka, mtafiti huliandikia kadi yake: neno herufi kwa herufi kama lilivyo, jina la mwandishi, lugha yake, mwaka wa tukio linalosimuliwa, mwaka wa kuchapwa, ukurasa, na sentensi nzima. Kisha kadi hupangwa kwa miaka, wala si kwa tahajia. Zikipangwa kwa tahajia, Kuirenga huenda upande mmoja na Iringa upande mwingine, na hakuna atakayetambua kwamba ni mahali pamoja. Zikipangwa kwa miaka, mpasuko wa mwaka 1896 hujitokeza wenyewe. Hapo mtafiti hulazimika kuandika vidahizo viwili, kwa mfano hivi:

"Kalenga: ngome ya Mkwawa hadi 1894. Pia: Kuirenga, Iringa (katika maandishi ya kabla ya 1896)."

"Iringa: mji ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1896. Pia: Neu-Iringa. Kwa ngome ya zamani, tazama Kalenga."

Jambo la pili ni tahajia. Jina la Mkwawa katika maandishi ya Kijerumani huandikwa Quawa. Sauti ya mwanzo imemezwa, na kw imevaa herufi za Kijerumani. Mtafiti anayetafuta "Mkwawa" tu katika orodha ya nyaraka za wakati huo ataondoka mikono mitupu, adhani kwamba faili halina habari. Kwa hiyo orodha ya tahajia si pambo. Ndiyo ufunguo atakaoutumia mtafiti wa pili. Lakini tahajia zisirekebishwe ndani ya nukuu. Mwenye kugeuza Quawa kuwa Mkwawa katika nukuu amemnyima msomaji njia ya kuirudia nyaraka ile.

Jambo la tatu, ambalo hukosewa kuliko yote, ni marejeo ya matumizi ya kwanza. Maneno hayo yana maana mbili: ukurasa ambao istilahi inaonekana mara ya kwanza ndani ya tasnifu, na andishi la kale kuliko yote ambalo mtafiti ameliona lina neno hilo. Zote mbili zafaa, lakini zisichanganywe. Mfano uko Usangu, katika Mkoa wa Mbeya. Wasangu waliitwa Warori na Richard Burton, aliyesafiri bara tangu 1857 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860. Mwanafunzi akiandika "Warori, 1857", amekipa kitabu kisichokuwapo bado tarehe ya safari. Iliyo sawa ni 1860, pamoja na kutaja kwamba habari zenyewe ni za safari ile. Tena asiseme "neno lilitumika mara ya kwanza", bali "neno limeonekana kwanza katika maandishi yaliyosomwa", kwa sababu watu walikuwa wakilitamka kabla ya Burton kufika.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya wanahistoria peke yao. Tasnifu za kilimo cha Iringa hutaja sana vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi. Katika lugha za huko kiambishi cha wingi ni fi-, kwa hiyo hupatikana pia finyungu. Na msomaji wa pwani akiona kinyungu, atafikiri chungu kidogo. Tahajia hapa ni tatizo dogo. Kubwa ni kwamba waandishi wengine humaanisha shamba zima la bondeni, na wengine humaanisha kila tuta lililoinuliwa kati ya mifereji. Mkulima akijibu kwamba ana vinyungu viwili, na mwuliza maswali akaandika matuta mawili, jedwali lote la mavuno limeharibika, wala hakuna hesabu itakayoliponya.

Kosa la namna hiyo laweza kugunduliwa mapema kwa jaribio jepesi. Mtafiti achukue maana aliyoiandika, aiweke mahali pa istilahi katika kila sentensi ya tasnifu yake inamotokea. Sentensi ikikataa, ama maana ni finyu, ama neno lina maana mbili na lahitaji vidahizo viwili, ama sentensi yenyewe imekosewa. Istilahi arobaini zilizopitishwa katika jaribio hili zina faida kwa msomaji kuliko mia mbili zilizonakiliwa. Na maneno ambayo msomaji yeyote wa Kiswahili anayajua, kama "mkoa" na "kijiji", yaachwe, ila kama tasnifu imeyapa maana yake ya pekee.