Joho jeusi, kofia nyeusi: uso wa mhitimu kwenye afishi

Afishi nyingi za mahafali zinazotundikwa Butembo na Beni huharibikia mahali pamoja: chini ya ukingo wa kofia. Fundi amekata mandhari ya nyuma vizuri, ameweka miale ya dhahabu, ameandika "PROFICIAT" kwa herufi nene, lakini uso umekuwa doa jeusi lenye meno. Mwingine, kwa kulikimbia doa hilo, ameipausha ngozi kote, na matokeo yake ni mtu mgeni aliyevaa joho la mhitimu. Makosa hayo mawili yana chanzo kimoja. Picha nzima imepitishwa kwenye kipimo kimoja cha mwanga, kana kwamba joho, kofia, nywele na uso ni kitu kile kile.

Mtindo wenyewe unajulikana: picha inapunguzwa hadi kubaki rangi chache bapa, kila moja na mpaka wake mkali. Afishi iliyoufanya maarufu duniani ni ile ya Che Guevara, aliyoitengeneza Jim Fitzpatrick wa Ireland mwaka 1968 kutokana na picha iliyopigwa na Alberto Korda huko Havana tarehe 5 Machi 1960. Rangi mbili tu zilitosha kuuchora uso ule. Lakini angalia kwa nini zilitosha: uso ni mweupe, kofia ni nyeusi, nywele ni nyeusi, kwa hiyo ukichora mstari mmoja kati ya giza na mwanga, kila kitu kinajipanga chenyewe. Mhitimu wetu ana kofia nyeusi, nywele nyeusi, joho jeusi na ngozi nyeusi. Mstari ule ule ukimpitia, unamkata mahali pasipo maana.

Tuchukue picha ya kawaida. Binti amemaliza masomo, amepigwa picha uwanjani kwa simu, saa saba kasoro mchana, mara baada ya sherehe. Iwe ni katika Chuo Kikuu Katoliki cha Graben mjini Butembo, kilichoanzishwa mwaka 1989, au katika moja ya vyuo vya Beni, jua ni lile lile. Miji yote miwili iko kaskazini kidogo tu ya mstari wa ikweta, na saa hiyo jua liko karibu utosini. Ubao wa mraba wa kofia unaangusha kivuli kuanzia paji la uso hadi chini ya macho, wakati mwingine hadi katikati ya pua. Chini ya kivuli hicho mashavu yanang'aa.

Kompyuta hupima mwanga wa kila nukta kwa namba kuanzia 0, giza kabisa, hadi 255, nyeupe kabisa. Katika picha ya namna hii joho linakaa kati ya 10 na 45, kofia na nywele kati ya 15 na 35, ngozi iliyo kivulini kati ya 35 na 60, mashavu kati ya 95 na 150, na meno karibu 200. Mbingu nyuma yake imepita 240. Sasa fungua GIMP, programu ya bure inayotumika sana pale ambapo Photoshop haipatikani, uchague `Couleurs > Postériser` na kuagiza madaraja 4. Programu inaugawa mpimo wote wa 0 hadi 255, na mipaka inaangukia takriban 42, 127 na 212. Soma tena namba za uso. Ngozi yote iliyo kati ya 43 na 127 inatupwa katika daraja moja. Macho yanakwenda pamoja na kofia. Madaraja mawili ya juu yanachukuliwa na mng'ao kidogo wa shavu, meno na mbingu. Kwa hiyo umeagiza rangi nne, na uso umepewa moja na nusu.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Amri hiyo hugawa nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, kwa hiyo madaraja 4 yanaweza kuzaa hadi michanganyiko 64 ya rangi. Ndiyo sababu mashavu ya kahawia huota mabaka ya kijani na zambarau ambayo hakuna aliyeyaomba. Ukiona mabaka hayo kwenye afishi ya mtu, ujue fundi hakuiondoa rangi kwanza.

Njia inayofaa ni kuigawa picha katika tabaka tatu kabla ya kugusa chochote: uso na shingo, kofia pamoja na nywele, kisha joho. Kila tabaka inapata kipimo chake. Kwenye uso, ondoa rangi kwa `Couleurs > Désaturer`. Halafu zungushia eneo la kivuli peke yake, lainisha ukingo wa uteuzi, na uliinue kwa `Couleurs > Courbes` mpaka ngozi yake ifike kati ya 60 na 105. Usiiinue hadi ilingane na mashavu. Kivuli cha kofia kikifutika kabisa, kofia inaonekana kama imebandikwa juu ya kichwa, kwa sababu jicho linategemea kivuli hicho kuamini kwamba ubao uko mbele ya paji.

Kisha `Couleurs > Niveaux`: weka 35 kuwa mwanzo na 165 kuwa mwisho. Hapo ndipo uso unapewa mpimo wote kwa matumizi yake mwenyewe. Shavu lililokuwa 120 linakuwa karibu 167, mng'ao wa 150 unakuwa karibu 226, na sehemu ya chini ya taya inabaki gizani. Pitisha `Flou gaussien sélectif` kidogo ili chembechembe zisigeuke madoa, ndipo uagize madaraja 4. Safari hii yanagawanyika juu ya uso: giza la taya na tundu za pua, kahawia ya kivuli, kahawia nyekundu ya shavu, na mng'ao. Baada ya hapo kila daraja linapakwa rangi unayoitaka.

Kuhusu rangi hizo, wengi hunakili afishi ya Barack Obama ya Shepard Fairey, ya mwaka 2008, yenye nyekundu, buluu na rangi ya maziwa. Mimi sioni kama inafaa hapa. Buluu ile iliutumikia uso uliokuwa peke yake, bila kofia. Juu ya uso uliozungukwa na joho jeusi, buluu nzito inaungana na joho na kidevu kinapotea. Kahawia nne zilizotofautiana wazi, kuanzia ya kahawa iliyokaangwa sana hadi ya mchanga, zinatunza ngozi ya mtu na kuiacha ijitenge na nguo. Afishi hiyo ina somo lingine pia: ilitokana na picha ya mpiga picha wa shirika la habari la AP, na kesi ya haki za picha ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2011. Aliyempiga picha binti huyo naye aombwe ruhusa.

Tabasamu lina sheria zake. Fundi mchanga hudhani tabasamu ni meno, kwa hiyo huyang'arisha na kuchora mstari kati ya jino na jino. Mistari hiyo inamzeesha mtu papo hapo, na kwa mbali mdomo unafanana na wa fuvu. Meno yawe utepe mmoja wa rangi ya maziwa, wenye giza kidogo kuelekea pembe za mdomo. Mstari pekee unaostahili kubaki ni wa mwanya, kama anao. Mwanya ni alama ya mtu, na vichujio vya kulainisha huuziba bila kuuliza.

Furaha yenyewe iko kwingine. Daktari Mfaransa Duchenne alieleza mwaka 1862 kwamba kicheko cha kweli hukaza msuli unaozunguka jicho: shavu linapanda, kope ya chini inajikunja. Katika afishi maana yake ni maumbo matatu madogo ya rangi ya giza, nayo ni pembe za mdomo, mkunjo unaoshuka kutoka puani, na mfereji chini ya jicho. Kila moja lina upana wa nukta chache tu, na ndiyo ya kwanza kumezwa unapolainisha. Yachore upya kwa mkono juu ya picha ya asili iliyowekwa chini kwa uwazi wa nusu. Pembe ya mdomo ikisogea chini hata kidogo, binti anaonekana kama anavumilia sherehe.

Kofia na joho havihitaji madaraja manne. Mawili yanatosha, ila lazima yaonekane. Kwenye kofia kinachotambulisha ni kona za ubao, unene wa ukingo wake na kishada kinavyoning'inia. Fanya uso wa juu wa ubao uwe daraja jepesi na upande wa chini uwe mweusi, nao utajitenga na nywele bila kuchorewa mstari wa kuzunguka. Usinyooshe kona ziwe mraba kamili. Ubao ulioinama ndio uliokuwa kichwani siku ile. Kwenye joho, vuta 10–45 kwa `Niveaux` mikunjo itoke, ubakize mikubwa ya begani na ya mkono, mingine ifute. Ukanda wa rangi wa kitivo usibadilishwe ili ulingane na mapambo. Wenzake wa darasa wataona kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwenye mashine ya kuchapa mambo hubadilika. Wino hutanuka kidogo, zaidi juu ya turubai ya kalikoti, na rangi mbili nyeusi zilizoachana kidogo kwenye kioo zinakuwa moja. Kama joho ni 15 na mikunjo ni 30, itatoweka. Ipandishe mikunjo hadi 60 au 70 na uitie buluu ya usiku. Chapa kwanza kipande cha A4 chenye uso na bega, kibandike ukutani, usimame mbali kidogo. Kisha mwonyeshe mtu anayemfahamu binti, jina likiwa limefunikwa. Akisita, rudi kwenye pembe za mdomo na macho kabla ya kugusa kitu kingine.

Na yote haya yanategemea picha iliyoletwa. Ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida, upande wake mrefu hupunguzwa hadi takriban nukta 1600, ambazo kwenye A2 ni kama nukta 68 kwa inchi. Rangi bapa zinaweza kuchorwa upya na kukuzwa, kwa hiyo ukubwa peke yake si tatizo kubwa. Tatizo ni kivuli. Mfinyazo wa JPEG hufanya kazi kwa vipande vya nukta 8 kwa 8, na hutupa kwanza tofauti ndogo ndogo, zile ambazo macho yaliyo chini ya kofia yametengenezwa nazo. Ukikiinua kivuli hicho, unapata vigae badala ya kope. Basi wewe unayempelekea fundi picha, itume kama dokumenti, si kama picha. Na kama mhitimu bado hajavua joho, mwambie ainue kidevu kidogo, mtu ashike shuka jeupe chini ya kifua chake, mpige nyingine.