Maneno Matatu ya Chuo cha Ng'ambo katika Barua ya Mwanafunzi

Kasoro kubwa ya barua ambazo wanafunzi wetu huviandikia vyuo vya ng'ambo si sarufi. Ni kwamba barua hazionyeshi nani aliyetenda, wala kama mlango umebaki wazi. Kiswahili chenyewe hakina upungufu huo, maana "kujiondoa" na "kuondolewa" hutenganishwa na kiambishi ji na mnyambuliko wa kutendwa. Tofauti hiyo hupotea pale mwandishi anapolishika neno la kigeni kwa sauti yake tu.

Natutazame mfano wa kubuni. Kijana wa Katoro, mkoani Geita, yu mwaka wa pili katika chuo cha Amerika. Baba yake, mchimbaji mdogo, ameangukiwa na kifusi ndani ya duara, na kijana ataka kurudi nyumbani kwa muhula mmoja. Kwetu husemwa "kuahirisha masomo", naye akalifasiri neno hilo kuwa "diferali". Huko Amerika diferali ni ya aliyekwisha kukubaliwa lakini hajaanza. Huombewa mwaka wa kuingia. Aliyekwisha kuanza huomba likizo ya masomo. Basi ofisi humjibu kwamba ombi lake halimhusu, na siku zapita bure.

Akiona hivyo, kijana aandika kwamba anafanya "widrowali". Hapo amejiondoa kabisa: uandikishaji wake wakoma, na pengine itampasa kuomba upya kuingia. Neno hilohilo likitajwa kwa somo moja, maana yake ni kuliacha somo hilo tu, na katika orodha ya maksi huandikwa herufi W mahali pa alama. Lakini akiandika "niliondolewa", msomaji ataelewa kwamba chuo kimemfukuza. Kwa mgeni mwenye viza ya mwanafunzi hatari ni kubwa zaidi, kwani hapana budi apate idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hajaacha masomo.

Limebaki "probesheni". Kazini ni majaribio ya mwajiriwa mpya, na mahakamani ni uangalizi wa mkosaji aliyeachwa nje ya gereza. Kwa hiyo wazazi wa Shinyanga wakilisikia huingiwa na hofu. Chuoni ni onyo la masomo. Katika vyuo vingi vya Amerika humpata mwenye wastani ulio chini ya 2.0 kati ya 4.0, naye huendelea kusoma huku akipewa muda wa kurekebisha. Wala tusilinganishe tarakimu hizo moja kwa moja na zetu, ambazo kipimo chake ni 5.0.

Kwa hiyo twapendekeza "onyo la masomo", "kuahirisha kuanza", na "kujiondoa chuoni" au "kujiondoa katika somo". Na "likizo ya masomo" iwe neno la nne, kwani ndilo alilolihitaji kijana wa Katoro.