Aya Moja, Safu Kumi na Nne

Jamani, jana usiku nimefanya jambo kwa mara ya kwanza na usingizi umenikimbia! Nimechukua muhtasari wa kozi yangu ya riwaya ya Kiswahili, aya moja nene ambayo nimeigawa kwa wanafunzi miaka yote, nikaimwaga kwenye jedwali la eksel. Saa nzima tu, na kozi nimeiona kama sijawahi kuifundisha.

Aya ilisema hivi: nadharia wiki mbili, Shaaban Robert mbili, Kezilahabi tatu, riwaya za Zanzibar nne, riwaya za karibuni mbili, kisha marudio. Jaribio la kwanza “baada ya Kezilahabi”, na insha “wiki mbili baadaye”. Inasomeka vizuri, sivyo? Jumla ni wiki 14, sawasawa na muhula.

Sasa utamu wenyewe. Niliandika tarehe ya kipindi cha kwanza, Jumatano 21 Oktoba 2026, kwenye kisanduku A2. Chini yake nikaweka fomula hii na kuiburuta hadi safu ya mwisho:

```
=A2+7
```

(Ukiona 46316 badala ya tarehe, usishtuke; badili tu mpangilio wa kisanduku uwe wa tarehe.)

Nikajaza mada, nikafika kwenye tathmini, nikaruka kitini. Kezilahabi anaisha wiki ya 7, kwa hiyo jaribio ni wiki ya 8. Wiki ya 8 ni 9 Desemba, Siku ya Uhuru! Na insha ya wiki mbili baadaye? Tarehe 23 Desemba, wanafunzi wakiwa stendi na mabegi yao. Maneno “baada ya” na “baadaye” yalikuwa yameficha yote hayo, na kalenda ikayafichua papo hapo. Jaribio nimelirudisha 2 Desemba, wiki ya 7, na Kezilahabi nikampunguzia kipindi kimoja. Insha itakusanywa 16 Desemba.

Lakini nguzo niliyoipenda kupita zote ni ya usomaji. Mwanzo niliipa jina “Usomaji”, nikaandika *Nagona* kwenye wiki tunayoijadili. Kosa! Mwanafunzi angeanza kuisoma wiki hiyohiyo. Nimeibadili jina: “Uwe umesoma kabla ya kipindi”. Mara moja *Vuta N’kuvute* ya Adam Shafi, kitabu kinene, ikadai nafasi yake. Nimeigawa nusu kwa nusu, kwa wiki mbili.

Alama nazo nikazijumlisha chini ya nguzo yake: 15, 10, 15 na mtihani 60. Zimetimia 100.

Kitu kimoja jedwali halibebi: sababu za kumweka Shaaban Robert kabla ya Kezilahabi. Hizo nimeziacha kwenye aya fupi juu yake. Jedwali lenyewe limeenea ukurasa mmoja, na asubuhi hii naenda kulibandika mlangoni!