Mawe, Njaa na Sanduku la Kura: Ni Mbinu Ipi Iliyowapa Wanawake wa Uingereza Kura?

Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu harakati za wanawake wa Uingereza ni kama haki ya kupiga kura waliyoipata mwaka 1918 ililetwa na wale waliovunja vioo na kususia chakula gerezani, au na wale waliokusanya saini, wakafanya mikutano ya hadhara na kutii sheria. Swali hilo haliwezi kujibiwa vizuri kabla ya kujulikana kikwazo chenyewe kilikuwa wapi, kwa kuwa mbinu hupimwa kwa mahali inapogusa. Kikwazo hakikuwa idadi ya wabunge waliokubali. Tangu mwaka 1897 Baraza la Makabwela, yaani baraza la wabunge wa kuchaguliwa, lilikwisha kupitisha mswada wa kura ya wanawake katika kusomwa mara ya pili kwa tofauti ya kura 71. Mswada huo ulikuwa mswada binafsi, maana yake ulipelekwa na mbunge mmojammoja na si na serikali, na kwa utaratibu wa bunge miswada ya namna hiyo ilitengewa saa chache mno, hivyo ikafa kwa kukosa nafasi ya kujadiliwa hadi mwisho. Aliyeweza kutoa nafasi hiyo ni serikali peke yake, na tangu mwaka 1908 serikali ilikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu Asquith wa chama cha Kiliberali, ambaye hakuitaka kura ya wanawake. Mbinu zote zilizofuata zilikuwa majaribio ya kumlazimisha mtu huyo na baraza lake la mawaziri.

Umoja wa Wanawake wa Kijamii na Kisiasa, ulioanzishwa na Emmeline Pankhurst mjini Manchester mwaka 1903, ulichagua kuifanya serikali ishindwe kutawala kwa utulivu. Silaha yake kali kuliko zote haikubuniwa na viongozi. Mwezi Julai 1909 Marion Wallace Dunlop, msanii aliyefungwa katika gereza la Holloway, alikataa kula kwa hiari yake mwenyewe akidai atambuliwe kuwa mfungwa wa kisiasa, na baada ya saa 91 wakuu wa gereza wakamwachia wakiogopa asife mikononi mwao. Wenzake walipoiga, adhabu ya kifungo ikapoteza maana, na kufikia Septemba serikali ikaamuru walishwe kwa nguvu, yaani mfungwa ashikiliwe na walinzi huku daktari akimpitishia mpira puani au mdomoni hadi tumboni na kumimina chakula cha majimaji.

Udhaifu wa hatua hiyo ya serikali ulifichuliwa na mwanamke mmoja wa tabaka la juu, Lady Constance Lytton, ambaye mwezi Oktoba 1909 alifungwa Newcastle, akasusia chakula, na akaachiwa upesi kwa sababu madaktari walipompima walisema moyo wake ni mgonjwa. Akitilia shaka huruma hiyo, Januari 1910 alivaa nguo za mshonaji maskini, akajiita Jane Warton, akahakikisha anakamatwa Liverpool. Safari hii hakuna aliyeupima moyo wake kabla ya kulishwa kwa nguvu, na alilishwa mara kadhaa kabla ya kutambulika kuwa yeye ni nani. Moyo ulikuwa uleule na gereza lilikuwa la serikali ileile. Kilichobadilika ni jina na nguo. Serikali haikuwa na jibu la kuridhisha, na ilipofika Aprili 1913 ilitunga sheria mpya ambayo watu waliibandika jina la Sheria ya Paka na Panya: mfungwa aliyedhoofika kwa njaa aliachiwa kwa muda ili apate nafuu nyumbani, kisha akakamatwa tena kumalizia kifungo, na siku alizokaa nje hazikuhesabiwa.

Mbinu hii iliifedhehesha serikali na kulifanya suala lisisahaulike, lakini ilikuwa na mpaka wake. Mawaziri waliaibika, ila hawakupoteza kiti hata kimoja cha bunge kwa sababu ya mfungwa mwenye njaa. Zaidi ya hapo, Machi 1, 1912 wapiganaji walivunja vioo vya maduka katikati ya London, na mwezi huohuo, tarehe 28, mswada wa maridhiano kuhusu kura ya wanawake, uliokuwa umepata wingi mkubwa mwaka uliotangulia, ukashindwa kwa kura 208 dhidi ya 222. Wako wanaosema mawe ndiyo yaliyouua mswada huo. Hoja hiyo ina ukweli nusu tu, kwani wabunge wengi wa Ireland nao waliupinga wakihofia kwamba serikali iliyowaahidi utawala wa ndani ingeyumba. Kwa baadhi ya wabunge mawe yalikuwa kisingizio kilichokuja kwa wakati mzuri.

Kikundi kikubwa zaidi, Muungano wa Kitaifa ulioongozwa na Millicent Fawcett, ambacho kufikia mwaka 1914 kilikuwa na wanachama zaidi ya 50,000, hakikuvunja sheria, na kwa sababu hiyo husimuliwa kama kundi la wanawake wapole waliosubiri. Masimulizi hayo hayawatendei haki. Januari 1912 chama cha Leba, yaani chama cha wafanyakazi, kiliamua kwamba hakitakubali upanuzi wowote wa haki ya kura usiowahusisha wanawake, na Muungano ukajibu kwa kuanzisha mfuko wa uchaguzi wa kukisaidia chama hicho katika chaguzi ndogo, ambazo hufanyika kiti kinapokuwa wazi kabla ya uchaguzi mkuu. Hesabu yake ilikuwa kali: Waliberali walizoea kushinda majimbo ya wafanyakazi kwa sababu Leba haikusimamisha mgombea, hivyo akisimamishwa, kura za upande huo zingegawanyika.

Jimbo la Midlothian huko Uskoti, lililowahi kuwakilishwa na Gladstone, kiongozi mashuhuri wa Waliberali, lilionyesha hesabu hiyo kwa vitendo Septemba 1912. Wanawake wa Muungano waliingia jimboni na waratibu wao kumpigia debe mgombea wa Leba, wakijua fika kwamba hakuwa na matumaini ya kushinda. Alipata kura 2,413, Mliberali akapata 5,989, na Mhafidhina akatwaa kiti kwa kura 6,021. Pengo la kura 32 lilitosha kuinyang'anya serikali jimbo, na hapo mawaziri walipoteza kitu kinachohesabika.

Mwaka 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilisimamisha mbinu zote mbili, na mlango ulifunguliwa na tatizo la daftari la wapiga kura. Sheria ilimtaka mpiga kura awe ameishi mahali pamoja kwa mwaka mzima, sharti ambalo wanajeshi waliokuwa vitani hawakuweza kulitimiza, kwa hiyo serikali ililazimika kutunga sheria mpya ya uchaguzi, na safari hii mswada ulikuwa wa serikali yenyewe, si mswada binafsi. Asquith alikwisha kuondoka madarakani Desemba 1916. Juni 19, 1917 kifungu cha wanawake kilipita kwa kura 385 dhidi ya 55.

Jibu la swali, basi, ni kwamba njaa ya gerezani ilifanya kurudi kwenye ukimya wa zamani kuwe jambo la hatari kwa serikali yoyote, lakini mfuko wa uchaguzi ndio uliogusa pale serikali ilipokuwa na cha kupoteza, na vita vikatoa nafasi ya bungeni ambayo mbinu zote mbili zilikuwa zimeikosa. Ushindi wenyewe ulikuwa wa nusu: sheria ya Februari 6, 1918 iliwapa kura wanawake wa miaka 30 na kuendelea waliotimiza sharti la makazi au mali, wao au waume zao, ilhali wanaume walipewa wakiwa na miaka 21, na umri huo wa wanawake uliwekwa makusudi ili wasiwazidi wanaume kwa idadi. Usawa ulipatikana Julai 2, 1928.